Shilingi 6,609 kwa Nakala: Bajeti ya Kitabu Kimoja cha Shule

Mwalimu aliyeniletea mswada wa kitabu cha Sayansi cha Darasa la Nne aliniuliza swali ambalo huulizwa na karibu kila mwandishi: "Kuchapa nakala moja ni shilingi ngapi?" Nilimwomba aketi kwanza, kwa sababu jibu la swali hilo halipo mpaka mtu aseme atachapa nakala ngapi, na hata akishasema, jibu hugawanyika katika sehemu mbili zinazotenda kinyume. Sehemu ya kwanza ni fedha inayotumika mara moja tu, iwe utachapa nakala mia moja au elfu kumi. Sehemu ya pili ni fedha inayotumika upya kwa kila nakala inayotoka kiwandani. Mchapishaji anayezichanganya sehemu hizi mbili hupata bajeti inayopendeza kwenye karatasi na ghala lililojaa vitabu visivyonunuliwa.

Nitaeleza bajeti ya kitabu hicho jinsi tulivyoipanga hapa Dar es Salaam, kwa namba nilizozifanya za mviringo kidogo ili hesabu ifuatike. Bei za karatasi hupanda na kushuka, lakini uhusiano kati ya namba hizi haubadiliki sana.

Kitabu kilikuwa cha ziada, si cha kiada. Vitabu vya kiada vya shule za msingi huandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na mchapishaji binafsi anayetaka kitabu chake cha ziada kitumike shuleni hukipeleka kwenye taasisi hiyo kitathminiwe na kupewa ithibati. Jambo hilo lina athari ya moja kwa moja katika bajeti, kwa sababu watathmini wakirudisha mswada na maelekezo ya kuongeza au kupunguza mada, kazi ya uhariri na ya kupanga kurasa hufanyika tena. Ndiyo maana siku hizi silipi mpangaji kurasa malipo yote kabla ya ithibati kutoka.

Tuanze na fedha ya mara moja. Mswada ulikuwa na maneno yapatayo 35,000, yaani kurasa 140 za maandishi yaliyochapwa kwa kompyuta. Mhariri wa somo, ambaye ni mwalimu mzoefu wa Sayansi asiye mwandishi wa kitabu, alilipwa shilingi 2,500,000. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba kila umahiri uliotajwa katika muhtasari una mahali pake, kwamba majaribio yanafanyika kweli kwa vifaa vilivyopo shuleni, na kwamba majibu ya mazoezi ni sahihi. Mhariri wa lugha alilipwa shilingi 10,000 kwa ukurasa wa mswada, jumla 1,400,000. Msomaji wa prufu, yaani kurasa za majaribio kabla ya kuchapa, alisoma kurasa 160 zilizopangwa, mara mbili, kwa shilingi 2,500 kila ukurasa kila mara, jumla 800,000. Uhariri wote kwa pamoja ukawa shilingi 4,700,000.

Michoro 90 kwa shilingi 30,000 kila mmoja ilikuwa 2,700,000. Kupanga kurasa 160 kwa shilingi 10,000 kila ukurasa kulikuwa 1,600,000. Usanifu wa jalada ulikuwa 400,000. Fungu la ithibati, pamoja na nakala za kuwasilisha na usafiri, lilikuwa 600,000. Jumla ya yote kabla mtambo haujawashwa ni shilingi 10,000,000. Namba ya ISBN, ambayo hapa kwetu hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, haisumbui bajeti, ila iombwe mapema kwa sababu msimbo wake lazima uwe juu ya jalada kabla pleti, yaani mabamba yanayobeba sura ya kurasa mtamboni, hazijatengenezwa.

Mtu akiangalia namba hizo, jicho lake hukimbilia kwenye uhariri, kwa kuwa karibu nusu ya milioni kumi imekwenda huko. Mwandishi wangu naye alipendekeza tuache usomaji wa pili wa prufu. Nilimwonyesha ukurasa mmoja. Ulikuwa na mchoro wa mfumo wa mmeng'enyo wa chakula, na mistari midogo iliyotoka kwenye viungo kwenda kwenye majina yake. Mhariri wa somo alikuwa ameupitisha mchoro huo ukiwa sahihi. Mpangaji kurasa alipoupunguza ili utoshe kwenye nafasi, majina yalisogea na mistari ikabaki, basi "utumbo mdogo" likaelekezwa kwenye utumbo mkubwa na "utumbo mkubwa" likaelekezwa kwenye utumbo mdogo. Prufu ya kwanza ilisomwa kabla ya badiliko hilo. Kosa la namna hii halikuwamo katika mswada. Lilizaliwa baada ya wahariri kumaliza kazi, na jicho pekee linaloweza kulikamata ni la prufu ya pili.

Sasa pima gharama ya kosa lile lile katika kila hatua. Likionekana katika prufu, ni dakika tano za mpangaji kurasa. Likionekana baada ya pleti kutengenezwa, na likiwa limo katika maandishi meusi pekee, utabadilisha pleti moja ya rangi nyeusi, ambayo kwetu ilikuwa shilingi 12,000. Likionekana karatasi zikiwa zimekwisha kuchapwa lakini hazijashonwa, utalazimika kuchapa upya karatasi nzima yenye kurasa hizo, na kwa nakala 3,000 hiyo ilikuwa kama shilingi 636,000. Likionekana baada ya kushonwa, hakuna namna tena isipokuwa kubandika karatasi ya masahihisho, ambayo watoto huibandua ndani ya wiki ya kwanza. Usomaji wote wa pili wa prufu ulikuwa shilingi 400,000.

Hapa inabidi nieleze kwa nini nasema "karatasi nzima", kwa maana hili ndilo jambo linalowaponyoka wengi, na mimi mwenyewe liliwahi kuniponyoka. Kitabu hakichapwi ukurasa mmoja mmoja. Chukua karatasi kubwa, ikunje katikati, ikunje tena, kisha ikunje mara ya tatu. Umepata majani manane, na kila jani lina pande mbili, kwa hiyo ni kurasa 16. Nitauita huo mkunjo. Mtambo tuliotumia ulikuwa wa ofseti wa ukubwa wa nusu karatasi, na kwa kitabu cha ukubwa wa milimita 176 kwa 250 kila mkunjo ulibeba kurasa 16. Kurasa 160 ni mikunjo 10 kamili. Kila mkunjo una pande mbili, na kila upande unahitaji pleti nne kwa ajili ya rangi nne, kwa hiyo ni pleti 8. Mikunjo 10 ni pleti 80, ongeza 4 za jalada, ni 84.

Miaka kadhaa kabla ya kitabu hiki nilipeleka kiwandani kitabu chenye kurasa 164. Nilikuwa nimeomba kotesheni kwa kurasa 160, kisha mwandishi akaongeza istilahi na mimi nikaongeza ukurasa wa shukrani, na hakuna aliyehesabu. Kurasa 4 hazikai peke yake. Ama unazifanya 8, yaani nusu mkunjo, na kuacha kurasa nne tupu mwishoni, ama unatengeneza robo mkunjo ambao hukunjwa na kuingizwa kwa mkono, na mara nyingi ndiyo unaochomoka kwanza. Tulichagua nusu mkunjo, tukalipia kurasa nane ili kupata nne, na kotesheni ikaandikwa upya wakati shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa. Tangu siku hiyo, jambo la kwanza ninaloamua katika kitabu chochote ni idadi ya mikunjo, na mwandishi huelezwa kabla hajaanza kuandika kwamba ana kurasa 160, na kwamba akitaka kuongeza ukurasa wa 161 atupatie sababu ya kuongeza wa 176. Kwa kitabu hiki cha Sayansi, mkunjo mmoja zaidi ungetugharimu takribani shilingi 880,000 kwa nakala 3,000, tukihesabu karatasi, pleti, mtambo na kupanga kurasa.

Turudi kwenye bajeti. Pleti 84 kwa shilingi 12,000 zilikuwa 1,008,000. Kuandaa mtambo, yaani kufunga pleti, kulinganisha rangi na kurekebisha wino kwa kila upande wa kila mkunjo, kulikuwa 800,000. Wakati wa kulinganisha rangi karatasi huharibika, na hilo ni la kawaida. Tulitenga rimu mbili za karatasi kubwa kwa shilingi 110,000 kila moja, yaani 220,000. Gharama hizi nazo ni za mara moja kwa kila uchapaji, haziangalii idadi ya nakala, na jumla yake ni 2,028,000. Ukizijumlisha na zile milioni kumi unapata shilingi 12,028,000, ambazo zimekwisha kutumika kabla ya nakala ya kwanza nzuri kutoka.

Gharama ya kila nakala ni rahisi zaidi kuhesabu. Kitabu kimoja kilitumia karatasi kubwa 5, kila moja ikikatwa nusu mbili za mkunjo mmoja mmoja, na rimu ina karatasi 500, kwa hiyo rimu moja ilitoa vitabu 100 na karatasi ya kitabu kimoja ikawa shilingi 1,100. Mtambo ulikuwa 640, jalada lenye kupakwa plastiki nyembamba 360, na kukunja, kushona kwa uzi na kugundisha 500. Jumla ni shilingi 2,600. Tungeweza kuokoa kwa kuacha uzi na kutumia gundi peke yake, lakini kitabu cha Darasa la Nne hufunguliwa na mikono mingi, huwekwa kifudifudi juu ya dawati, hubebwa kwenye mfuko wakati wa mvua, na gundi peke yake huanza kuachia majani kabla ya mwaka kwisha. Pini mbili za katikati nazo hufaa kwa kitabu chembamba, si kwa majani 80.

Sasa swali la mwalimu linaweza kujibiwa. Ukichapa nakala 1,000, kila moja inabeba shilingi 12,028 za gharama ya mara moja na 2,600 zake yenyewe, jumla 14,628. Ukichapa 3,000, inakuwa 6,609. Ukichapa 5,000, inakuwa 5,006. Ukichapa 10,000, inakuwa 3,803. Mpiga chapa huziweka namba hizi mbele yako kwa safu, na vidole hukuwasha kuchagua safu ya mwisho.

Mwandishi wangu aliitaka safu ya mwisho. Nilimwomba tuhesabu upya kwa kugawa fedha yote kwa nakala zitakazouzwa badala ya zitakazochapwa. Tulikuwa tumezungumza na shule na wauzaji wa vitabu, na kwa makadirio ya haki tuliona tungeuza kama nakala 4,000 katika mwaka wa kwanza na wa pili. Tukichapa 10,000 tutatumia shilingi 38,028,000, na zikiuzwa 4,000 kila iliyouzwa imegharimu 9,507, huku nyingine 6,000 zikilala ghalani na muhtasari wa somo ukiwa unaweza kubadilika wakati wowote. Tukichapa 5,000 tutatumia 25,028,000. Tukichapa 3,000 kwanza, kisha tukachapa tena 1,000 zinapokwisha, uchapaji wa pili hauna uhariri, hauna michoro wala kupanga kurasa; una pleti, maandalizi ya mtambo na gharama ya kila nakala, jumla shilingi 4,628 kwa nakala. Chapa zote mbili zinakuwa 24,456,000 kwa nakala 4,000 zisizobaki hata moja. Ni fedha pungufu kuliko kuchapa 5,000 kwa mkupuo na kubaki na 1,000. Tukakubaliana 3,000.

Kuchapa nje ya nchi tulikufikiria na kukuacha. Kotesheni za India mara nyingi huwa chini, lakini juu yake kuna meli, bandari, wakala wa forodha na dola za kulipa mapema, na kwa nakala 3,000 gharama hizo hazina vitabu vya kutosha vya kugawana. Zaidi ya hapo, mwaka wa shule wa Tanzania huanza Januari, na kontena likichelewa mpaka Februari, shule zimekwisha kununua cha mwingine.

Ilibaki bei ya kuuzia. Tulianza na shilingi 12,000. Muuzaji wa vitabu huchukua asilimia 30, zinabaki 8,400. Mrabaha wa mwandishi ulikuwa asilimia 10 ya bei ya jaladani, yaani 1,200, zinabaki 7,200. Usafirishaji na kufungasha 400, zinabaki 6,800. Ukitoa 2,600 za kutengeneza nakala yenyewe, kila kitabu kinachouzwa kinaleta 4,200 za kufidia ile 12,028,000. Gawanya, unapata nakala 2,864. Tulitazamana kwa furaha, kwa sababu 3,000 ni zaidi ya 2,864.

Furaha hiyo ilidumu hadi nilipokumbuka nakala 100 ambazo haziuzwi kamwe: za walimu wanaotaka kukiona kitabu kabla ya kukiagiza, za mwandishi, za maktaba, na zile zinazofika zimekunjika pembe. Nakala za kuuza zikawa 2,900. Mapato ya 2,900 kwa 6,800 ni shilingi 19,720,000, na kuchapa 3,000 kuligharimu 19,828,000. Hasara ya shilingi 108,000, tena kama kila kitabu kimeuzwa na kila duka limelipa. Nimeona bajeti nyingi za wachapishaji wadogo zikianguka katika nafasi hii nyembamba, na sikumbuki hata moja ambayo nakala za bure zilikuwa na mstari wake.

Njia mbili zilikuwa wazi: kukata gharama au kupandisha bei. Kukata uhariri wa lugha wote kungepunguza shilingi 467 kwa nakala, na kungetuacha na kitabu ambacho mwalimu angelazimika kukisahihisha ubaoni. Kupunguza karatasi kutoka gramu 80 hadi 70 kungeokoa kama 440,000, ila kwa picha za rangi karatasi ya gramu 70 huacha mchoro wa nyuma uonekane mbele, na mtoto anayesoma jina la kiungo huona kivuli cha panzi wa ukurasa wa pili. Tulipandisha bei hadi 13,000. Kwa bei hiyo nakala iliyouzwa huleta 7,400 kabla ya gharama ya kuitengeneza, na mapato ya 2,900 yanakuwa 21,460,000. Ziada ni shilingi 1,632,000.

Kwa kuwa nimeitaja karatasi, niseme jinsi ya kuipima, maana hapo ndipo bajeti nzuri huibiwa bila kelele. Kotesheni yako inasema gramu 80, yaani uzito wa mita moja ya mraba. Kitabu cha majani 80 ya milimita 176 kwa 250 kina mita za mraba 3.52 za karatasi. Kwa gramu 80 hiyo ni gramu 282, ongeza kama gramu 22 za jalada la gramu 250, kitabu kizima ni takribani gramu 304. Kwa gramu 70 kitabu hicho hicho kina takribani gramu 268. Nilipopokea katoni za kwanza za kitabu kimoja cha zamani chenye vipimo hivyo hivyo, nilivuka barabara nikaazima mizani ya kidijitali ya duka la nafaka, nikaweka nakala kumi kwa pamoja ili tofauti ndogo zisinidanganye. Zilitakiwa kukaribia kilo 3.04, mizani ikasoma 2.71. Mwenye kiwanda, ambaye sitamtaja, alikubali bila ubishi mrefu na akapunguza ankara. Siku hizi huomba nakala tano tupu za karatasi na jalada halisi, zisizochapwa, kabla ya kusaini, nazipima, naandika uzito wake kwenye mkataba, na namwambia mpiga chapa kwamba katoni zitapimwa.

Kitabu cha Sayansi kilitoka kiwandani Novemba. Nakala za kuuza ziliisha mwezi wa nane mwaka uliofuata, mapema kuliko tulivyokadiria, na tukaagiza 1,000 nyingine. Pleti za zamani zilikuwa zimeshika kutu nyeupe, kwa hiyo ilibidi kutengeneza mpya, kama tulivyokuwa tumeweka katika hesabu. Kwa kuwa tulizilipia hata hivyo, walimu wawili waliokuwa wametuandikia kuhusu jibu lenye kosa katika zoezi la sura ya sita na kipimo cha maji kilichozidi katika jaribio la kuota kwa mbegu walirekebishiwa bila kuongeza shilingi. Nakala hizo 1,000 zilipouzwa kwa 13,000, kila moja iliacha shilingi 2,772, jumla 2,772,000: zaidi ya ziada yote ya nakala 3,000 za kwanza, zilizokuwa zimebeba uhariri wa kitabu kizima.